Msukumo wa Bure Kutoka Pwani ya Malindi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, iliyopewa jina Uhuru. Wamarekani walikuwa na viwanja vyao vya kurushia roketi. Mbona waliileta hadi huku?

Jibu limo katika mzunguko wa dunia. Aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini hugeuka papo hapo alipo, lakini aliye kwenye ikweta hubebwa kwenda mashariki kwa mita 465 kila sekunde, karibu mara mbili ya mwendo wa ndege ya abiria. Kitu kiendacho kasi hivyo kingeshika njia iliyonyooka na kutoka nje, ila mvutano wa dunia hukizuia. Sehemu ya mvutano ikitumika kwa kazi hiyo, inayobaki ya kuikandamiza miamba hupungua. Kwa muda mrefu hata miamba hulegea na kujipanga upya, ndiyo maana dunia imetuna katikati: kipenyo chake kwenye ikweta kinakizidi kile cha ncha hadi ncha kwa takriban kilomita 43.

Wengi hudhani uvimbe huo ndio unaoisaidia roketi, kwa kuwa huisogeza karibu na anga za juu. Sivyo. Hewa nayo imeinuka pamoja na ardhi. Kinachosaidia ni ule mwendo wenyewe. Ili isianguke, setilaiti kama Uhuru inahitaji kwenda mbele kwa takriban mita 7,600 kwa sekunde. Roketi iliyosimama San Marco, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, tayari ina mita 464 kabla ya kuwashwa. Ikielekezwa mashariki, hizo zinahesabiwa. Ikielekezwa magharibi, lazima kwanza izifute.

Kituo cha Wallops, Virginia, kiko nyuzi 38 kaskazini, ambako ardhi huenda kwa mita 366 kwa sekunde. Pengo hilo la mita 98 si kubwa. Gharama kubwa iko kwenye mwelekeo. Roketi ikirushwa mashariki kutoka Wallops, njia ya setilaiti huinama nyuzi 38 kutoka ikweta, ilhali Uhuru ilitakiwa kuzunguka karibu juu ya ikweta yenyewe. Kuinyoosha njia hiyo angani kungehitaji badiliko la mwendo la zaidi ya mita 4,500 kwa sekunde, mzigo wa mafuta ambao Scout isingeuweza. Kutoka Malindi, njia ilikuwa sawa tangu mwanzo, na mbele kulikuwa na Bahari ya Hindi ya kupokea vipande vinavyoanguka.

Faida hii haizihusu setilaiti zote. Zinazopita juu ya ncha za dunia hazihitaji mwendo wa mashariki, hivyo Wamarekani huzirusha kuelekea kusini kutoka Vandenberg, California.