Siku 14 za SQL kabla ya mtihani wa hifadhidata

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyebakiwa na wiki mbili kabla ya mtihani wa hifadhidata mara nyingi hurudia maelezo ya mhadhara tangu mwanzo. Kwa nadharia, hilo husaidia. Kwa SQL halitoshi, kwa sababu karatasi ya mtihani humpa majedwali asiyowahi kuyaona na kumtaka aandike amri kwa kalamu, bila kompyuta ya kumwonyesha alipokosea.

Ndiyo maana mazoezi ya kila siku yanapaswa kuanzia kwenye karatasi. Saa moja inatosha kwa maswali matano: anaandika amri kwa mkono, anaandika pia jibu analolitarajia, mstari kwa mstari, kisha ndipo anaijaribu kwenye SQLite, programu ya bure isiyohitaji seva. Jibu likitofautiana na alilotarajia, swali hilo linaingia kwenye daftari la makosa pamoja na sababu yake.

Njia hii hufanya kazi vizuri kwenye hifadhidata ndogo ambayo majibu yake yanahesabika kwa macho. Tuseme jedwali la wanafunzi lina Asha, Juma na Neema. Katika jedwali la matokeo, Asha ana alama 70 za Takwimu na 50 za Hisabati. Juma amesajiliwa Takwimu, lakini mtihani wake haujasahihishwa, hivyo alama yake ni NULL. Neema hana mstari wowote. Juma na Neema wamewekwa makusudi, kwa kuwa makosa mengi hujificha kwa watu wa aina yao.

Siku tatu za kwanza ni za SELECT, WHERE, ORDER BY na tabia za NULL. Siku ya nne hadi ya sita ni za kuunganisha majedwali, na hapa inafaa kukawia. Swali moja linasema: orodhesha kila mwanafunzi na idadi ya masomo aliyopata alama 60 au zaidi. Wengi huandika hivi:

```sql
SELECT w.jina, COUNT(m.somo)
FROM wanafunzi w
LEFT JOIN matokeo m ON m.namba = w.namba
WHERE m.alama >= 60
GROUP BY w.namba, w.jina;
```

Amri inakubaliwa bila lalamiko, lakini jibu lina Asha peke yake. LEFT JOIN ilikuwa imetoa mistari minne: miwili ya Asha, mmoja wa Juma na mmoja wa Neema, hii miwili ya mwisho ikiwa na NULL mahali pa alama. Kisha WHERE ikauliza kama NULL inafika 60. Jibu la swali hilo si ndiyo wala hapana, ni "haijulikani", na WHERE hubakiza tu mistari iliyojibiwa ndiyo. Dawa yake ni kuhamishia sharti kwenye muunganisho wenyewe na kuondoa WHERE:

```sql
LEFT JOIN matokeo m
  ON m.namba = w.namba AND m.alama >= 60
```

Sasa Asha anapata 1, Juma 0 na Neema 0. Mwanafunzi akibadilisha COUNT(m.somo) kuwa COUNT(*), wote watatu watapata 1, maana COUNT(*) huhesabu mistari, hata ule mtupu wa Neema.

Siku ya saba na ya nane ni za GROUP BY na HAVING. Hapa SQLite inaweza kumdanganya: ukichagua safu isiyo ndani ya GROUP BY wala ndani ya hesabu kama COUNT, yenyewe huokota thamani ya mstari mmojawapo wa kundi na kuendelea. PostgreSQL hukataa amri kama hiyo, isipokuwa kundi limetajwa kwa ufunguo mkuu wa jedwali lenye safu hiyo. Kwa hiyo kila amri ikaguliwe kwa macho kabla ya kuaminiwa.

Siku ya tisa na ya kumi ni za amri ndani ya amri. Kosa la kutafuta ni NOT IN: orodha ya ndani ikiwa na NULL hata moja, jibu halitoi mstari wowote. NOT EXISTS haina tatizo hilo.

Siku mbili zinazofuata ni za kuchora michoro ya majedwali na funguo zake, na kuyagawanya hadi hatua ya tatu ya usanifishaji, huku maswali matano ya SQL yakiendelea. Siku ya 13 anafanya karatasi ya mtihani uliopita kwa muda kamili, kompyuta ikiwa imefungwa. Siku ya 14 hagusi mada mpya: anafungua daftari la makosa, anafunika majibu na kuandika upya kila amri iliyomshinda, akianza na zile zilizokubaliwa na kompyuta lakini zikatoa jibu lisilo sahihi.