Nyota Tatu na Kipande

Picha ya jedwali la kulinganisha taa za sola imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wenye maduka. Kushoto yameorodheshwa majina ya taa 12 na bei zake. Safu zinazofuata zina vichwa vya habari: mwanga, uimara, kuchaji simu. Chini ya vichwa hivyo hamna namba hata moja. Kuna nyota za manjano, vema za kijani, alama za kosa na visanduku kadhaa vitupu. Mwenye duka anayetaka kuzipanga taa hizo kwenye Excel, bora juu na dhaifu chini, hana cha kupanga mpaka kila alama iwe namba.

Wengi huanza kwa kuipitisha picha kwenye programu ya kusoma maandishi. Majina na bei hutoka vizuri. Kwenye nyota programu huandika herufi zisizoeleweka, au hainasi kitu kabisa, maana imefunzwa herufi na nyota si herufi. Ila kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa haraka. Programu nyingi za aina hiyo huanza kwa kuigeuza picha kuwa ya kijivu, kisha nyeusi na nyeupe. Manjano inayopendwa kwa nyota ina nyekundu 255, kijani 193 na buluu 7. Ikigeuzwa kijivu kwa kanuni ya kawaida inakuwa 190 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Nyota isiyojazwa mara nyingi huchorwa kwa kijivu cha 204. Jicho lililoona manjano na kijivu sasa linaona vijivu viwili vinavyokaribiana mno, na taa ya nyota mbili inafanana na ya nyota tano.

Kwa hiyo rangi isiguswe. Kinachotenganisha nyota iliyojazwa na tupu ni ukolevu wa rangi, wala si mwangaza wake. Manjano ile imekolea kwa zaidi ya asilimia 95, na kijivu hakina ukolevu wowote. Anayeandika programu kwa kutumia maktaba kama OpenCV huigeuza picha kwenda mfumo wa HSV na kuangalia thamani ya S peke yake. Asiyeandika programu anaweza kupima kwa mkono: anafungua picha kwenye Paint, anaikuza, anapeleka kishale pale manjano inapoishia, halafu anasoma namba ya pikseli chini ya dirisha.

Tuchukue taa ya kwanza. Nyota ya kwanza inaanzia pikseli ya 412 kutoka ukingo wa kushoto. Kila nyota ina upana wa pikseli 20, na kati ya nyota na nyota kuna nafasi ya pikseli 4. Nyota ya nne basi inaanzia 484. Manjano inakoma kwenye 490. Nyota tatu zimejaa, na ya nne imejazwa pikseli 6 kati ya 20, yaani 0.3. Jibu ni 3.3.

Namna ya mkato ni kugawanya urefu wote wa manjano kwa urefu wote wa mstari, 78 kwa 116, kisha kuzidisha kwa 5. Inatoa 3.36, na mtu anaona imetosha. Lakini taa yenye nyota tatu kamili, kwa hesabu hiyohiyo, inapata 2.93, kwa sababu zile nafasi tupu zimehesabiwa kana kwamba ni sehemu ya nyota. Kosa la pili ni kuhesabu pikseli zote za manjano ndani ya nyota badala ya kupima upana. Nyota ina ncha nyembamba pembeni na tumbo nene katikati, hivyo ukiikata kwenye asilimia 30 ya upana wake, kipande cha kushoto kina kama asilimia 15 tu ya eneo lake. Aliyehesabu eneo ataandika 3.15. Nusu nyota haimponzi, kwa kuwa pande mbili za nyota zinalingana. Ndiyo maana anaweza kujaribu safu nzima ya nusunusu na kuamini njia yake ni sahihi.

Kabla ya kuandika desimali yoyote, itazamwe safu nzima. Ikiwa manjano inaishia kwenye nafasi kati ya nyota au katikati ya nyota tu, basi mchoraji alikadiria kwa nusu, na 3.5 yake inaweza kuwa ilitoka kwenye 3.3 au 3.7. Hapo kuandika 3.47 ni kujipa uhakika ambao picha haina. Hata pale vipande vinapotofautiana, kwenye nyota ya pikseli 20 pikseli moja ni sawa na 0.05 ya nyota, na picha iliyobanwa kwa kutumwa huku na huko huwa na ukungu wa pikseli moja au mbili kwenye mpaka wa rangi. Desimali moja inatosha.

Vema zinaonekana rahisi: vema ni 1, kosa ni 0. Taabu iko kwenye kisanduku kitupu. Tuseme katika zile taa 12, tano zina vema chini ya kuchaji simu, tatu zina kosa, na nne hazina kitu. Ukiweka 0 kwenye vitupu, zinazochaji simu ni asilimia 42. Ukiviacha vitupu, ni asilimia 63 ya zile zilizojulikana. Tofauti hiyo haikutoka kwenye taa, imetoka kwa mtu aliyejaza jedwali. Kisanduku kitupu kibaki kitupu, na kistari kipewe alama yake mpaka ufunguo wa jedwali useme kama maana yake ni “haihusiki” au “haikupimwa”.

Ufunguo huo, kama ule wa ramani, ndio watu hukata wanapopiga picha ya skrini. Hasara yake inaonekana vizuri kwenye jarida la Marekani la Consumer Reports, ambalo kwa miaka mingi lilitumia viduara badala ya nyota. Kiduara chekundu kilichojaa kilikuwa daraja la juu kabisa, chekundu nusu kikifuata. Kiduara kitupu kilikuwa cha katikati, halafu cheusi nusu, na cheusi kilichojaa kilikuwa cha mwisho. Anayepima ujazo pekee atakipa kitupu 0 badala ya 3, kisha vilivyojaa vyote viwili atavipa 5. Kwenye fotokopi isiyo na rangi, bidhaa bora na bidhaa mbovu kabisa zinavaa alama moja.

Namba zikishaingia kwenye Excel, zigeuzwe tena kuwa nyota na kuwekwa kando ya picha. Ikiwa thamani iko kwenye B2, fomula hii inatosha kwa nyota nzima:

```
=REPT("★",ROUND(B2,0))&REPT("☆",5-ROUND(B2,0))
```

Kwa baadhi ya mipangilio ya kompyuta, mkato ndani ya mabano huandikwa nukta mkato. Kosa linaloonekana upesi kwa njia hii ni mstari ulioruka: taa ya saba imebeba nyota za taa ya nane, na kuanzia hapo safu yote imesogea mstari mmoja juu. Mara nyingi hutokea pale jina la taa lilipochukua mistari miwili na kisanduku chake kikawa kirefu kuliko vingine. Fomula haitagundua 3.3 iliyosomwa 3.15, kwani zote zinachora nyota tatu. Kwa hiyo visanduku vitatu au vinne vipimwe upya kwa kishale, hasa vile ambavyo manjano imeishia karibu na ncha ya nyota.