Kani ya Maji Tuli juu ya Uso Uliopinda: Vijenzi vyake, Mstari wake na Usalama wa Malango ya Mabwawa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kani ya maji tuli juu ya uso uliopinda inavyokokotolewa kwa kuunganisha kijenzi mlalo na kijenzi wima, na namna mstari wa kani hiyo unavyopatikana. Mfano uliotumika ni lango la tao la bwawa. Hoja kuu ni kwamba ukubwa wa vijenzi pekee hautoshi kuamua usalama wa lango. Kinachoamua ni mahali mstari wa kani unapopita.

1. Usuli

Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalifikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, kiwango kilichopita kidogo kile cha mwaka 1964. Jijini Kampala mialo ya Gaba na Port Bell iliathiriwa na mafuriko, na huko Jinja kiasi cha maji kilichoachiwa kuingia Mto Naili kiliongezwa. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, ziwa halitoki tena kwa hiari yake bali hupita katika mitambo na malango. Kwa hiyo kila ziwa linapopanda, washauri wa sera walioko Kampala hukabiliwa na swali la kihandisi: je, lango litabeba mzigo huo, na litafunguka likihitajika?

Kwa lango bapa jibu ni rahisi kiasi, kwa kuwa kanieneo ya maji husukuma upande mmoja tu. Kwa lango la tao, aina inayotumika sana katika njia za kumwagia maji ya ziada, mwelekeo wa msukumo hubadilika katika kila nukta ya uso. Hapo ndipo makosa huanzia.

2. Vijenzi viwili

Maji tuli husukuma uso kwa pembe mraba daima. Kwa kuwa uso uliopinda hubadilisha mwelekeo wake, haifai kujumlisha ukubwa wa misukumo bila kujali mielekeo. Njia iliyozoeleka ni kutenganisha kani katika sehemu mbili.

Kijenzi mlalo ni sawa na kani ambayo ingesukuma kivuli cha uso huo kikiangushwa juu ya ukuta wima. Umbo la mpindo halihusiki. Kinachohusika ni kina na upana. Kijenzi wima ni sawa na uzito wa maji yaliyo kati ya uso uliopinda na usawa wa juu wa maji. Iwapo maji yako chini ya uso, uzito huo ni wa maji ya kufikirika, yaani yale ambayo yangejaza nafasi iliyo juu ya uso, na kani huelekea juu.

Tuchukue lango la mfano, lisilo la bwawa lolote mahususi. Upana wake ni mita 10, nusu kipenyo cha tao ni mita 6, na tao lina nyuzi 60, yaani 30 juu na 30 chini ya usawa wa pini ya egemeo. Mbinuko umeelekea kwenye maji, na pini iko upande mkavu. Kimo cha lango ni mita 6, na maji yamefika ukingo wake wa juu.

Kijenzi mlalo ni:

F_H = ½ρgh²b = ½ × 1000 × 9.81 × 6² × 10 ≈ 1,766 kN

Kani hii hupita mita 4 chini ya usawa wa maji, yaani theluthi mbili za kina. Ikumbukwe kwamba huongezeka kwa mraba wa kina: maji yakipanda kutoka mita 5 hadi 6, kina huongezeka kwa asilimia 20, lakini kani kwa asilimia 44.

Kwa kijenzi wima, maji yaliyo juu ya nusu ya juu ya tao hukandamiza, na yale yaliyo chini ya nusu ya chini huinua. Tofauti yao ni uzito wa maji ambayo yangejaza kipande cha duara kilichomo kati ya tao na mstari unaounganisha ncha zake. Eneo la kipande hicho ni mita za mraba 3.26, hivyo:

F_V = 9.81 × 3.26 × 10 ≈ 320 kN, kuelekea juu

Kani tokeo ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya vijenzi hivi, yaani takriban kN 1,795, nayo imeinuka nyuzi 10 hivi juu ya mlalo.

3. Mstari wa kani

Tuseme lango hili lina uzito wa kN 240. Anayesoma ukubwa wa vijenzi pekee ataona kwamba maji huinua kwa kN 320, akahitimisha kuwa lango litajifungua lenyewe. Hitimisho hilo ni potofu, na uthibitisho wake ni kupima momenti kuizunguka pini.

Pini iko mita 3 chini ya usawa wa maji. Kijenzi mlalo kinapita mita 1 chini yake, hivyo momenti yake ni 1,766 × 1 = 1,766 kNm, nayo hulizungusha lango kuelekea kufunga. Kijenzi wima hupita katika kitovu cha kipande cha duara, mita 5.52 kutoka pini, hivyo momenti yake ni 320 × 5.52 ≈ 1,766 kNm, nayo huelekea kufungua. Momenti hizo mbili hufutana kabisa.

Hili si jambo la bahati. Kila msukumo wa maji ni mraba kwa uso, na kila mstari ulio mraba kwa tao la duara hupita katika kitovu cha duara. Kwa hiyo na kani tokeo hupita hapo. Pini ikiwekwa kwenye kitovu hicho, maji hayafungui lango wala hayalifungi, na winchi hubeba hasa uzito wa lango. Kanuni hii pia ni njia ya kukagua hesabu: momenti zisipofutana, kijenzi kimoja kimekosewa, na mara nyingi ni mwelekeo wa kijenzi wima.

4. Mpaka wa kanuni: msuguano wa pini

Kani ya kN 1,795 haikutoweka. Yote hufika kwenye pini kupitia mikono ya lango. Lango linapoanza kusogea, pini huleta msuguano unaopinga mzunguko. Ikiwa nusu kipenyo cha pini ni mita 0.2 na kizigeu cha msuguano ni 0.1, momenti ya msuguano ni 36 kNm. Grisi ikikosekana na kutu ikaingia hadi kizigeu kikafika 0.3, momenti inakuwa 108 kNm, nayo huipinda mikono.

Hatari ni kwamba mwendeshaji hatalitambua jambo hili kwa urahisi. Kitovu cha uzito wa lango kikiwa mita 4.5 kutoka pini, na winchi ikivuta kwa umbali wa mita 6, uzito pekee huhitaji kN 180. Msuguano huongeza kN 6 katika hali ya kwanza na kN 18 katika ya pili. Kwa hiyo mpindo wa mikono umeongezeka mara tatu, ilhali mzigo wa winchi umepanda kwa takriban asilimia 6 tu.

Ndivyo ilivyotokea katika bwawa la Folsom, Kalifonia, tarehe 17 Julai 1995. Lango moja la tao lilivunjika likiwa linafunguliwa, bwawa likiwa karibu kujaa, na takriban mita za ujazo 1,100 za maji kwa sekunde zikatoka bila kudhibitiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba usanifu wa awali haukuhesabu momenti ya msuguano wa pini, na kwamba kutu iliuongeza msuguano huo kadiri miaka ilivyopita.

5. Hitimisho

Kwa lango la tao, ripoti inayotaja kani tokeo pekee haijajibu swali la usalama. Inapaswa kuonyesha mahali mstari wa kani unapopita, kizigeu cha msuguano kilichochukuliwa, na mpindo ambao mikono inaweza kuhimili maji yakiwa katika kiwango cha juu kabisa. Ukaguzi nao usiishie kwenye winchi. Mpindo wa mikono upimwe moja kwa moja wakati lango linasogea likiwa na maji, na utaratibu wa kupaka pini grisi uandikwe na kufuatwa. Ziwa likipanda tena, muda wa kuyapima hayo utakuwa umekwisha.