Ziwa Tanganyika: kwa nini radi hungoja usiku ndipo ipige katikati ya maji?

Mchana, mtu akisimama kwenye ufuko wa Kalundu, mjini Uvira, mara nyingi huona mawingu mazito yamekaa juu ya milima huku anga juu ya ziwa ikiwa nyeupe. Usiku mambo hugeuka. Milima inatulia, na umeme unaanza kumulika mbali, katikati ya maji, kule ambako taa za wavuvi wa ndagala zinaonekana.

Wakaaji wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaijua hali hiyo tangu utoto. Sababu yake ni tofauti ya joto kati ya udongo na maji, na upepo unaozaliwa na tofauti hiyo.

Udongo hupoa haraka, maji hayapoi

Jua linapopiga udongo, joto hubaki juu, katika sentimita chache tu. Ndiyo maana mchanga wa ufuko unaunguza nyayo saa saba mchana, na saa mbili usiku umekwisha kuwa baridi. Majini ni tofauti: mwanga wa jua huingia mita nyingi chini, mawimbi huyachanganya maji, na maji yenyewe yanahitaji joto jingi kabla ya kupanda hata digri moja. Kwa hiyo uso wa Ziwa Tanganyika hubaki kwenye digri 25 hadi 27 karibu mwaka mzima, na kati ya mchana na usiku haubadiliki sana.

Mchana nchi kavu ndiyo yenye joto zaidi. Hewa yake inapanda, na hewa ya ziwa inakuja kujaza nafasi. Huo ndio upepo unaowapoza watu wa ufukweni alasiri. Hewa hiyo hupanda kwenye miteremko ya milima, na mvua inanyesha huko juu. Juu ya ziwa hewa inashuka, kwa hiyo mawingu hayakui.

Jua likizama, mpango wote unageuka. Milima ya Mitumba upande wa Kongo inapoa, na milima ya Burundi na Tanzania upande wa pili inapoa vilevile. Hewa baridi ni nzito; inateremka kwenye mabonde kama maji ya mto na kutoka juu ya ziwa. Pande zote mbili zinafanya hivyo usiku uleule.

Mahali pepo mbili zinapokutana

Hebu tupige hesabu ndogo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini upana wake wa wastani ni kilomita 50 tu. Upepo wa usiku kutoka nchi kavu si mkali: tuseme unakwenda kilomita 8 kwa saa. Ukianza kutoka ufukweni saa tatu usiku, unahitaji saa tatu hivi kufika katikati, kilomita 25 mbele. Yaani karibu saa sita usiku upepo wa Kongo unakutana na upepo unaotoka ng'ambo.

Pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda. Chini kuna maji, na nyuma hewa nyingine bado inasukuma. Njia pekee iliyobaki ni kupanda juu. Hewa inayosukumwa hivyo imekaa juu ya maji ya moto na imejaa mvuke.

Inapopanda inapoa, na mvuke unageuka kuwa matone. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo huifanya hewa ipande kwa nguvu zaidi. Wingu linaweza kufika urefu wa kilomita 15. Huko juu chembe za barafu na mvua ya mawe hugongana, zinagawana umeme, na radi inaanza.

Upepo wenyewe hautoshi. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, pepo za usiku bado zinashuka kutoka milimani, lakini hewa ya eneo hili imekauka, na mara nyingi hakuna wingu kubwa linalotokea. Tena, ukivuma upepo mkubwa wa eneo zima, mahali pa kukutana husukumwa upande mmoja. Hivyo ndivyo inavyotokea kwenye Ziwa Victoria: pepo za mashariki huisogeza mvua ya usiku kuelekea magharibi ya ziwa.

Mchana huitabiri usiku

Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, ndilo lililochunguzwa zaidi. Mwaka 2016, utafiti ulioongozwa na Mbelgiji Wim Thiery ulitumia picha za satelaiti kufuata dhoruba za huko. Ulionyesha kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa zinahusiana na dhoruba za mchana uliotangulia kwenye nchi inayolizunguka. Mchana ukiwa na ngurumo nyingi nchi kavu, hatari ya usiku majini huongezeka. Utafiti huo ulikadiria pia kwamba, dunia ikizidi kupata joto, mvua kali zaidi juu ya ziwa hilo zitaongezeka nguvu kuliko zile za nchi kavu jirani.

Kwa mvuvi, habari hiyo ina thamani kwa sababu akiwa ameshafika katikati ya ziwa, muda wa kukimbia ni mdogo. Sauti ya ngurumo huchukua sekunde 3 hivi kusafiri kilomita moja. Akiona mwako na kuhesabu sekunde 30 kabla ya kusikia mngurumo, radi iko kilomita 10. Dhoruba inayosogea kilomita 30 kwa saa itamfikia baada ya dakika 20. Katika dakika hizo, mtumbwi wa makasia unaokwenda kilomita 5 kwa saa haujamaliza hata kilomita 2. Wenye mota ya kwenda kilomita 12 kwa saa umefanya kilomita 4 tu. Kama ufuko uko kilomita 10, hakuna hata mmoja kati yao atakayefika.

Tena, wingu likianza kumwaga mvua, hewa baridi iliyo ndani yake huanguka pamoja na matone na kutawanyika juu ya maji. Kwa hiyo dalili ya mwisho ni upepo kutulia ghafla, kisha kurudi kwa kishindo ukiwa baridi, kutoka upande wa wingu. Mara nyingi mawimbi ndiyo yanayopindua mtumbwi, hata kabla radi haijafika. Na juu ya maji tambarare, mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Tatizo ni kwamba uvuvi wa ndagala hutegemea giza: samaki hufuata mwanga wa taa, na taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Basi saa za kazi ndizo saa za dhoruba. Ndiyo maana uamuzi wa maana hufanywa jioni, mtumbwi ukiwa bado mchangani. Kama tangu alasiri ngurumo zimetembea juu ya Mitumba, na ng'ambo vilevile kunaonekana mawingu marefu, usiku huo kuvua karibu na ufuko kuna faida kuliko kwenda katikati.

Asubuhi, saa tatu au saa nne, udongo unapata joto tena, upepo unageuka kutoka ziwani, na anga juu ya maji inafunguka. Mawingu yanaanza upya kukusanyika milimani.