Kutoka rundo la karatasi hadi ripoti: Hivi ndivyo makosa ya watahiniwa yanavyopangwa swali kwa swali

- Ripoti nzuri huanza wakati wa kusahihisha, siyo baada ya karatasi kufungwa.
- Kila kosa hupewa herufi, huhesabiwa, kisha hutafutiwa chanzo.
- Sentensi ya "wanafunzi hawakujiandaa vizuri" haimsaidii mwalimu kujua kesho afundishe nini.

Tukuyu. Mtihani wa moko wa kidato cha nne ukishasahihishwa, kitu cha kwanza kinachorudi shuleni ni matokeo: jina, alama, daraja na nafasi. Mwalimu wa Jiografia wa shule ya kata huko Rungwe anaona darasa lake limeanguka swali la ramani. Anajua wameanguka, ila hajui wameangukia wapi.

Mtihani wa taifa ni Novemba na wiki zilizobaki zinahesabika. Akiamua kufundisha upya mada yote ya usomaji wa ramani, atakula muda wa mada nyingine. Akiiacha, kosa lilelile litakwenda hadi kwenye mtihani wa mwisho.

Jibu lake limo ndani ya karatasi za majibu ambazo tayari zimesahihishwa. Kinachotakiwa ni mtu wa kuyatoa makosa humo na kuyapanga vizuri. Kazi hiyo inaitwa ripoti ya mtahini.

Mfano upo tayari

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa ripoti za aina hii kwa kila somo. Ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na mtu yeyote anaweza kuzipakua kwenye tovuti yake.

Mpangilio wake hauna makuu. Unaanza utangulizi, halafu swali la kwanza hadi la mwisho, kisha muhtasari wa mada na mapendekezo. Chini ya kila swali kuna mambo manne: swali lilipima nini, wangapi walilijibu, walipataje, na kwa nini waliofaulu walifaulu na walioanguka walianguka. Mara nyingi huwekwa pia picha ya jibu zuri na jibu baya, bila jina la mtahiniwa.

Kwa kidato cha nne, ufaulu wa swali hugawanywa makundi matatu. Asilimia 0 hadi 29 ni hafifu, 30 hadi 64 ni wastani na 65 hadi 100 ni nzuri. Mipaka hiyo inaendana na madaraja: hafifu ni F, wastani ni D na C, nzuri ni B na A.

Wilaya au kundi la shule linaweza kufuata mpangilio huohuo kwa mtihani wake wa moko. Hatua zake ni hizi.

1. Andika kosa ukiwa na kalamu nyekundu mkononi

Msahihishaji akisubiri amalize rundo zima ndipo akumbuke makosa, atakumbuka mambo mawili tu: karatasi za mwisho na majibu yaliyomchekesha. Kosa la kawaida, lile lililojirudia mara 20, huwa halimchekeshi mtu.

Kwa hiyo karatasi ya kuhesabia makosa ikae mezani pembeni ya mwongozo wa usahihishaji tangu mwanzo. Kama walimu wamegawana maswali, yaani mwalimu mmoja anasahihisha swali moja kwa shule zote, kazi inakuwa rahisi zaidi. Huyo ndiye anayeliona swali hilo kwa watahiniwa wote.

2. Chagua karatasi bila upendeleo

Siyo lazima kuchambua kila karatasi. Tuseme zipo 900 na unataka 60. Gawa 900 kwa 60, unapata 15. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 15, anzia hapo, halafu chukua kila karatasi ya 15.

Usichukue 60 za juu. Karatasi hufungwa kwa shule, kwa hiyo 60 za juu zinaweza kuwa za shule moja au mbili. Utaandika ripoti ya wilaya kumbe umesoma darasa la mwalimu mmoja.

3. Kila kosa lipewe herufi

Chukua mfano wa swali la ramani lenye alama 10. Ramani ina kipimo cha 1:50,000. Kipengele (a) kinataka urefu halisi wa barabara iliyopinda, ambayo kwenye ramani ina sentimita 8.4.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha 8.4 kwa 50,000, unapata sentimita 420,000. Kilomita moja ina sentimita 100,000, hivyo barabara ina kilomita 4.2.

Msahihishaji akisoma karatasi 10 au 15 za mwanzo, ataanza kuona makosa yanajirudia. Hapo ndipo anapoyapa herufi:

- A: amepima kwa rula iliyonyooka
- B: amekosea kubadili sentimita kuwa kilomita
- C: namba ni sahihi, kizio hakipo
- D: hakujibu
- S: sahihi

Kanuni moja iwekwe mapema: kwa kila mtahiniwa, andika kosa la kwanza lililoharibu jibu. Aliyepima vibaya halafu akabadili vizuri ni A peke yake. Bila kanuni hiyo, mtahiniwa mmoja atahesabiwa mara mbili na jumla haitarudi kwenye 60.

4. Hesabu

Ukiingiza herufi hizo kwenye jedwali la Excel au Google Sheets, hata kwa simu, safu ya C kuanzia mstari wa 2 hadi wa 61, fomyula hii inahesabu kosa B:

```
=COUNTIF(C2:C61,"B")
```

Tuseme matokeo ni A 9, B 24, C 7, D 6 na S 14. Jumla ni 60, hesabu imefunga. Ingekuwa 58 au 63, kuna karatasi imerukwa au imeingizwa mara mbili.

Upande wa alama za swali zima, tuseme 12 wamepata 6.5 hadi 10, 21 wamepata 3 hadi 6, na 27 wamepata 0 hadi 2.5. Hiyo ni asilimia 20 nzuri, 35 wastani na 45 hafifu.

Kama swali ni la kuchagua, andika pia asilimia ya waliolijibu. Swali lililojibiwa na wachache likafaulu sana siyo lazima liwe rahisi. Huenda waliolichagua ni wale waliokuwa wanalijua.

5. Fungua kosa lililo kubwa

Hapa ndipo ripoti nyingi huishia njiani. Zinasema asilimia 40 walishindwa kubadili vizio, basi. Lakini rudi kwenye zile karatasi 24 uone waliandika nini hasa.

Tuseme 17 wameandika kilomita 420 na saba wameandika 42. Waliopata 420 wamegawa kwa 1,000. Wanajua kilomita ina mita 1,000, ila wamesahau kwamba namba waliyonayo bado iko kwenye sentimita. Waliopata 42 wamegawa kwa 10,000, yaani wameipunguza sifuri moja.

Jibu la 420 lingeweza kumshtua mwanafunzi mwenyewe. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70. Barabara ya kilomita 420 haiwezi kuingia kwenye sentimita 8.4 za ramani inayoonyesha mitaa na mito midogo.

Wale tisa wa A wana tatizo tofauti kabisa. Mtu aliyeweka rula kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara atasoma labda sentimita 6.6 na kupata kilomita 3.3. Hesabu yake iko safi, mkono ndio uliokosea. Anahitaji uzi au ukingo wa karatasi wa kufuata kona za barabara, siyo somo la kubadili vizio.

Tahadhari moja: chanzo huonekana pale tu mtahiniwa alipoonyesha njia. Jibu tupu la "3" bila hesabu lisikisiwe. Lipe herufi yake, X, yaani chanzo hakijulikani.

6. Hakikisha swali lenyewe siyo bovu

Wakati mwingine watahiniwa hawana kosa. Ramani imechapwa hafifu, au maneno ya swali yana maana mbili. Kuna njia rahisi ya kulikamata swali la namna hiyo.

Panga zile karatasi 60 kwa alama za mtihani mzima. Chukua 15 za juu na 15 za chini, uone wangapi wamepata swali hilo. Ikiwa nane wa juu wamepata na mmoja tu wa chini, swali linatenganisha vizuri anayejua na asiyejua. Lakini kama hata wa juu wameanguka sawasawa na wa chini, soma swali upya kabla ya kumlaumu mwanafunzi. Likibainika ni bovu, ripoti iseme hivyo wazi.

Lugha nayo iangaliwe. Sekondari mtihani huu hujibiwa kwa Kiingereza. Mtahiniwa aliyeandika maelezo sahihi kwa Kiswahili siyo sawa na asiyejua kitu, hivyo wapewe herufi tofauti.

7. Andika aya, siyo lawama

Baada ya hapo, aya ya swali hujiandika yenyewe. Linganisha hizi mbili.

Ya kwanza: "Swali la 3 lilifanywa vibaya. Wanafunzi wengi hawana uelewa wa ramani. Walimu waongeze bidii."

Ya pili: "Swali la 3 lilipima usomaji wa ramani. Katika karatasi 60 zilizochambuliwa, asilimia 45 walipata chini ya alama 3. Katika kipengele (a), kosa kubwa lilikuwa kubadili sentimita kuwa kilomita (24), na 17 kati yao waligawa kwa 1,000 badala ya 100,000. Wengine tisa walipima barabara iliyopinda kwa rula. Inapendekezwa wanafunzi waandike hatua mbili, sentimita kwenda mita kisha mita kwenda kilomita, na wafanye zoezi la kupima kwa uzi."

Mwalimu aliyepokea ya pili ana vipindi viwili vya kufundisha, na anajua cha kufanya katika kila kimoja. Aliyepokea ya kwanza amepewa lawama tu.

Kabla ya kutuma shuleni

Picha ya jibu inayowekwa kwenye ripoti isiwe na jina, namba ya mtahiniwa wala jina la shule. Sampuli ya wilaya pia isitumike kupanga shule kwa ubora, maana shule moja inaweza kuwa na karatasi tatu tu ndani ya zile 60.

Kwa sababu hiyohiyo, mwalimu akipokea ripoti bado ana kazi moja ndogo: achukue karatasi za darasa lake na aziwekee herufi zilezile. Huenda wilaya nzima inalia na B, kumbe darasani kwake tatizo ni A, na anachohitaji ni uzi tu.