Kifua Kinachobana Baada ya Mbio

Mwaka 1998 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu zaidi ya wanafunzi 1,000 wa darasa la nne, baadhi kutoka Nairobi na wengine kutoka vijiji vya Murang'a. Watoto walipimwa pumzi, wakakimbia, wakapimwa tena. Nairobi, asilimia 22.9 pumzi zao zilishuka kwa asilimia 10 au zaidi baada ya kukimbia. Murang'a walikuwa asilimia 13.2. Hawa hawakuwa wagonjwa waliokusanywa hospitalini. Walikuwa wanafunzi wa shule za kawaida.

Mtu anayekimbia kwa nguvu huvuta hewa kwa mdomo, tena nyingi na kwa haraka. Kazi ya kuipasha hewa joto na kuitia unyevu, ambayo kwa kawaida hufanywa na pua, inaiangukia mirija ya mapafu yenyewe. Utando wake unakauka, majimaji yaliyobaki juu yake yanazidi chumvi, na seli za kinga zilizo jirani zinamwaga kemikali, histamini ikiwa mojawapo. Hapo misuli inayoizunguka mirija hujikaza na njia ya hewa huwa nyembamba. Ndiyo sababu hewa baridi na kavu ya asubuhi hubana kifua kuliko hewa nzito ya jioni ya pwani.

Kinachowapotosha makocha na wazazi ni saa ya tatizo lenyewe. Mara nyingi kifua hubana zaidi dakika 5 hadi 10 baada ya mwanamichezo kusimama, si katikati ya mbio. Kijana anamaliza vizuri, anakaa chini, ndipo anaanza kukohoa na kusikia mluzi kifuani. Baada ya saa moja hivi yuko salama, na akifika kliniki kesho yake daktari anasikia mapafu masafi kabisa. Ni rahisi mno kumwambia kwamba hana pumzi ya mazoezi, na vijana wengi wameacha michezo kwa kuamini hivyo.

Kwa hiyo jibu la kuaminika hutoka kwenye kipimo. Tuseme binti wa miaka 15 anayekimbia mita 1,500 anapuliza kwenye spirometa, na katika sekunde ya kwanza anatoa lita 2.8 za hewa. Anakimbia kwenye mashine kwa dakika 6 hadi 8, pua ikiwa imebanwa, kwa kasi inayoupeleka moyo karibu na ukomo wake. Anapopuliza dakika ya 5 anatoa lita 2.3, dakika ya 10, lita 2.2, dakika ya 30 amerudi 2.6. Ameshuka kwa asilimia 21, na asilimia 10 tu ingetosha kuthibitisha. Kama angepimwa mara moja tu, baada ya nusu saa, tatizo lingefichika.

Kipimo kisipoonyesha kitu, daktari hutazama koo. Wapo vijana, hasa wasichana, ambao zoloto lao hujifunga wakiwa kwenye kasi kubwa. Wao husikika wakivuta hewa kwa sauti kali wakati wa kuivuta ndani, na hupata nafuu dakika chache tu baada ya kupumzika. Inhela haiwasaidii, wanahitaji kufundishwa namna ya kupumua.

Binti wetu ana silaha ya kwanza isiyohitaji duka la dawa. Akipasha misuli kwa dakika 10 hadi 15, akichanganya mbio za polepole na mikimbio mifupi ya kasi ya nusu dakika hivi, mirija yake inaweza kupata kinga ya muda, saa moja hadi tatu. Kukimbia taratibu peke yake hakufikii hapo, na karibu nusu ya wenye tatizo hili hawapati kinga hiyo kabisa.

Dawa inayotumika zaidi kabla ya michezo ni salbutamoli ya kuvuta, kwa kawaida mipulizo 2, dakika kama 15 kabla ya kuanza. Humlinda kwa saa 2 hadi 4. Akiitumia kila siku, nguvu yake ya kulinda hupungua, na hapo ndipo daktari anapaswa kufikiria inhela ya steroidi, ambayo hutumiwa kila siku na huchukua wiki kadhaa kutuliza uvimbe wa mirija. Mwenye pumu hapaswi kutegemea salbutamoli peke yake hata kidogo.

Kwa anayeshindana rasmi, aina ya dawa ni jambo zito. Kanuni za kimataifa dhidi ya dawa za kuongeza nguvu zinaruhusu salbutamoli ya kuvuta hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, isizidi 600 ndani ya saa 8. Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida una 100. Vidonge na sharubati ya salbutamoli, ambavyo familia nyingi huvizoea tangu utotoni, vimepigwa marufuku bila kibali maalumu, hata kama mchezaji ana pumu iliyothibitishwa.