Vinanda Viwili Vilivyoipa Roki Sauti Mpya

Ndani ya kinanda cha Hammond, mota huzungusha magurudumu madogo ya chuma yenye meno. Kila jino likipita mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, umeme hutetema, na mtetemo huo ndio noti. Wapigaji wengi waliipitisha sauti hiyo kwenye spika ya Leslie, ambayo pembe yake huzunguka na kuifanya sauti iyumbe. Ndivyo Matthew Fisher alivyosikika mwaka 1967 katika "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum.

Mellotron, iliyoundwa Uingereza, haizalishi noti yenyewe. Chini ya kila kibao kuna utepe wenye sauti halisi ya filimbi au fidla iliyorekodiwa. Ukikibonyeza, utepe hukandamizwa kwenye kichwa cha kusomea na kuanza kwenda. Ukikiachia, springi huurudisha mwanzo. Baada ya sekunde nane hivi utepe huisha na noti hukatika, hivyo mpigaji hulazimika kubadilisha vidole mapema. Filimbi zinazofungua "Strawberry Fields Forever" ya Beatles, mwaka 1967, zilitoka humo, na fidla nzito za King Crimson mwaka 1969 pia.